Jibu: anza na daftari la vinavyotoka, rafu itafuata

"Wakuu, nina vitabu kama mia nne, vingine vimelala chini ya kitanda. Vile vizuri viko kwa watu na sikumbuki nani ana nini. Mama watoto anataka nipunguze, mimi sijui nitoe kipi. Mwenye uzoefu anisaidie."

Ndugu yangu, mimi niko Bombo, hapa Uganda, na chumba chetu cha mbele kilikuwa hivyohivyo hadi mwaka 2021. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhangaika na rafu. Nilimaliza mapumziko yote ya Idi nikipanga vitabu kwa alfabeti, na mwezi haukuisha kabla watoto hawajavichanganya tena. Kilichonitoa kwenye tope ni kuandika kila kinachovuka mlango. Ukiandika kwa miaka miwili mitatu, daftari lenyewe linakuonyesha kipi kiondoke.

Nilianza kuandika baada ya kisa cha kamusi. Nilimpigia shemeji yangu aliyehamia Arua.

"Shemeji, ile kamusi yangu ya jalada la kijani?"

"Kamusi gani tena? Si nilikurudishia kabla sijahama?"

Hakuwa anadanganya. Kichwani mwake aliirudisha, kichwani mwangu haikurudi, na hapakuwa na karatasi ya kutuamua. Tukasalimiana habari za watoto, simu ikaisha.

Basi, hatua yenyewe ni hii. Kila kitabu kipe namba kwa penseli laini, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, juu kushoto. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu kwenye karatasi nyembamba wino hutokeza upande wa pili. Wala usibandike karatasi kwa seloteipu: miaka michache tu inageuka njano, inang'oka, na doa linabaki. Namba ikishatolewa haitumiki tena, hata kitabu kikiuzwa. Mimi niliwahi kukipa kitabu kipya namba 118 ya kitabu kilichokwisha kuondoka, nikaja kumdai jirani kitabu ambacho hajawahi kukiona. Vyangu 412 vilinichukua jioni nne.

Nilijaribu pia ile njia ya kupiga picha mistari ya nyuma ya kitabu kwa simu ili jina lijiandike lenyewe. Kwa riwaya za juzijuzi inafanya kazi vizuri. Lakini ISBN ilianza kuenea miaka ya 1970, na ile mistari ya kusomwa na mashine ilikuja baadaye zaidi, kwa hiyo vitabu vya zamani vilivyochapwa Nairobi na Kampala, ambavyo kwangu ndivyo vya thamani, simu haikuviona kabisa. Nikaviandika kwa mkono.

Daftari la kuazimisha ni kaunta buku ya kawaida inayokaa juu ya rafu, na kalamu imefungwa kwa uzi. Safu zake ni namba, jina la kitabu, aliyechukua, tarehe ya kutoka, siku aliyoahidi na tarehe ya kurudi. Siri moja tu: aliyechukua anaandika mstari wake mwenyewe, kwa mwandiko wake. Mtu akiuona mwandiko wake mwenyewe, ubishi unakwisha bila kuvunjiana heshima. Hata mzee wa kuheshimika hakatai ukimwambia, "Mzee, naomba uniandikie hapa, mimi nasahau sana." Unajilaumu wewe, yeye anaandika. Siku ya kuahidi naye ndiye anayeichagua. Ukimpangia wewe, anaona unamdai kabla hajasoma.

Kitabu kikitoka, pale kilipokuwa naweka kipande cha kadibodi kilichokatwa kutoka boksi la sabuni, kimeandikwa namba na jina la aliyekichukua. Usidharau kadibodi hiyo. Daftari unalifungua ukikumbuka, lakini kadibodi unaiona kila ukipita.

Mwisho wa mwezi nanakili kwenye Google Sheets, ili jedwali lihesabu siku ambazo kitabu kimekaa nje. Tarehe ya kutoka iko safu ya D na ya kurudi iko F:

```
=IF(AND(D2<>"",F2=""),TODAY()-D2,"")
```

Ikifika 60 na kitabu bado nakihitaji, natuma ujumbe. Siulizi "umemaliza?" kwa sababu jibu ni "bado kidogo" hadi Kiama. Naandika: "Kuna mtu anakisubiri kile kitabu, Jumamosi napita kwako." Na kweli napita.

Sasa kupunguza. Desemba 2024 nilikaa na daftari la miaka mitatu. Mafungu yalijitenga yenyewe. Kuna vilivyotoka mara tatu au zaidi. Hivyo haviguswi na mtu, na kimoja nilikinunulia nakala ya pili kwa ajili ya kuazimisha tu. Kuna vilivyokaa nje zaidi ya mwaka mmoja na sikuwahi kuvikumbuka hadi nilipoona mstari. Vilikuwa 11. Hivyo niliandika "zawadi" kwenye safu ya kurudi nikawaambia wenzangu wasihangaike. Ikiwa mwaka mzima hukukitafuta, unachodai ni haki yako tu, kitabu hukihitaji.

Halafu kuna ambavyo havijatoka wala mimi sijavifungua. Hapa daftari linaweza kukupotosha, hivyo usikimbilie kutoa. Nina vijitabu vya East African Literature Bureau ambavyo hakuna anayeviomba, lakini shirika hilo halipo tena, na nikikipoteza kimoja sitakipata dukani. Hivyo vina nukta nyekundu, na havitoki hata kwa mama mzazi. Anayetaka anasomea hapa, chai ipo.

Vya shule ndivyo vilivyonipa kazi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na wanafunzi wake wa kwanza walifanya mtihani wa UCE mwaka 2024. Vitabu vya kiada vya kabla ya hapo watu wanapenda kuvifunga kamba na kuvipeleka shule kama msaada. Tafadhali, usimbebeshe mwalimu takataka zako. Nilimwonyesha vyangu mwalimu mstaafu wa mtaani. Akachagua vya hisabati na kamusi ya sayansi, maana aljebra haijabadilika, akaviacha vile vya maswali na majibu ya mtihani wa zamani. Hivyo vilikwenda kwa kijana wa roleksi wa hapa njiani, vikafungia chapati.

Kabla hujampa mtu chochote, kipigepige juu ya karatasi nyeupe na uangalie mgongo wake. Ukiona udongo mkavu kama uzi au kurasa zilizoliwa kwa ndani, ni mchwa, na kitabu hicho usimpelekee mtu nyumbani kwake.

Vilivyonishinda kuamua vilikuwa 19. Nilivitia kwenye boksi, nikalifunga, nikaandika tarehe, nikaliweka juu ya matofali mawili, mbali na ukuta, kwa sababu mchwa huanzia chini na masika yalikuwa karibu. Makubaliano na mama watoto: atakayehitaji kitabu ndani ya miezi sita afungue akitoe. Viwili vilitolewa, na kimoja alikitoa yeye. Kumi na saba nilimuuzia muuza vitabu vya mitumba Kampala, kwa mkupuo, bila kufungua tena lile boksi.