Kubadilisha a·b^t kuwa a·e^(kt): kobalti-60 kama mfano

Wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari ninaowafundisha jioni hapa Lubumbashi, wanapojiandaa kwa mtihani wa Serikali ambao kila mtu huuita egzeta, hukutana na kipeo katika sura mbili. Katika fizikia mwalimu huwaandikia N = N₀·e^(−λt), na katika hesabu za fedha huandikiwa C·(1,10)^t. Wengi hudhani kwamba hizo ni kanuni mbili tofauti zinazohitaji kukaririwa kila moja peke yake. Ukweli ni kwamba ni kanuni moja iliyoandikwa kwa namna mbili, na daraja linaloziunganisha ni fupi: b = e^k, au kwa upande wa pili, k = ln b. Hilo wanalipokea haraka. Kinachowasumbua ni kujua k ina maana gani, na kwa nini haiwi sawa na asilimia waliyopewa.

Mfano ninaoupenda unatokana na swali ambalo katika mji wetu wa migodi haliepukiki, yaani kama kobalti inayochimbwa huku ina mionzi ya hatari. Kobalti ya asili ni kobalti-59, nayo ni tulivu na haitoi mionzi. (Uranium inayopatikana katika baadhi ya miamba ya Katanga ni jambo jingine.) Kobalti-60, inayotumika hospitalini kutibu saratani, hutengenezwa kwa kuiweka kobalti-59 ndani ya kinu cha nyuklia. Nusu-maisha yake, yaani muda ambao nguvu yake hupungua hadi nusu, ni miaka 5,27. Namba hiyo moja inatosha kwa kazi yote iliyobaki.

Tuseme chanzo cha kobalti-60 kina nguvu ya 100 siku kilipopimwa kiwandani. Kipimo chochote kinafaa, kwa hiyo tuichukue kama asilimia. Kutokana na maana ya nusu-maisha tunaweza kuandika moja kwa moja:

100·(0,5)^(t/5,27)

Hapa t ni miaka. Ili kupata k, namba 0,5 tunaiandika kama e^(ln 0,5), na ln 0,5 ni −0,6931. Kipeo juu ya kipeo huzidishwa, kwa hiyo sehemu ya juu inakuwa −0,6931·t/5,27. Tukigawanya tunapata k = −0,1315, na kanuni inasomeka 100·e^(−0,1315t). Ile λ ya mwalimu wa fizikia ni 0,1315 hiyo hiyo; alama ya kutoa ameiacha nje ya herufi, ilhali mwalimu wa hesabu huiweka ndani ya k. Tukitaka b, tunabonyeza e^(−0,1315) na kupata 0,8768, kwa hiyo kanuni ile ile inasomeka pia 100·(0,8768)^t. Angalia kwamba 100 haikuguswa popote. Muda ukiwa sifuri, b^t na e^(kt) zote mbili ni 1, na kinachobaki ni a. Mwanafunzi anayeniletea a mpya baada ya kubadilisha sura namrudisha mstari wa kwanza bila kusoma zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini. Sura ya b inasema kwamba kila mwaka unapokwisha hubaki asilimia 87,68, yaani chanzo kimepoteza asilimia 12,32. Sura ya k inaonyesha 13,15. Mwanafunzi makini huuliza, na ana haki ya kuuliza: ni ipi iliyo ya kweli?

Zote mbili ni za kweli, ila hazijibu swali moja. k ni kasi ya papo hapo ikilinganishwa na kiasi kilichopo wakati huo. Mwanzoni chanzo kina 100, nacho kinapungua kwa kasi ya 13,15 kwa mwaka. Kama kasi hiyo ingebaki hivyo hivyo hadi Desemba, tungepoteza 13,15 kamili. Lakini haibaki hivyo. Kadiri chanzo kinavyopungua, na upotevu wenyewe unapungua, kwa sababu unahesabiwa juu ya kile kilichobaki. Kufikia mwisho wa mwaka jumla ya vilivyopotea ni 12,32 tu. Kwa kitu kinachokua hali hugeuka. Mkopo wa mtaani unaodai riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikiongezwa juu ya deni, una b = 1,10 na k = ln 1,10 = 0,0953. Hapa k ni ndogo kuliko 0,10, kwa sababu deni linalokua papo kwa papo huanza kuzaa riba juu ya riba kabla mwezi haujaisha, hivyo kasi ndogo zaidi inatosha kulifikisha 1,10.

Kutoka hapo napata kipimo ninachowataka wanafunzi wakitumie kila mara kabla ya kuendelea: k huwa chini kidogo ya b − 1, iwe kitu kinakua au kinapungua, mradi b iko karibu na 1. Kwa kobalti, b − 1 ni −0,1232 na k ni −0,1315, ambayo iko chini yake. Kwa mkopo, b − 1 ni 0,10 na k ni 0,0953, nayo iko chini. Kipimo hiki kinakamata makosa mawili yanayojirudia sana. La kwanza ni kubonyeza log badala ya ln, kwa kuwa vitufe hivyo viwili hukaa jirani katika mashine nyingi za kuhesabia: log ya 0,8768 inatoa −0,0571, namba iliyo juu ya −0,1232, na hilo haliwezekani. Kwa mkopo, log inatoa 0,0414; hiyo iko chini ya 0,10, lakini si chini kidogo, ni chini ya nusu yake, na hapo pia shaka inapaswa kuingia. La pili ni kusahau alama ya kutoa. Ikiwa b ni ndogo kuliko 1, k lazima iwe hasi. Vinginevyo chanzo cha mionzi kingekuwa kinajiongezea nguvu kabatini.

Kosa lisilokamatwa kwa urahisi ni lile la kuchukua asilimia na kuiweka mahali pa k bila kupitia ln. Mtu akiandika 100·e^(−0,1232t), mwaka wa kwanza atapata 88,4 badala ya 87,7, na huenda asishtuke. Mpe miaka kumi. Kanuni sahihi inatoa 26,8, ilhali ya kwake inatoa 29,2. Tofauti hiyo si ya kukadiria tarakimu. Ni kanuni nyingine kabisa. Njia ya kuitambua ni kurudi kwenye jambo moja linalojulikana kwa hakika: weka t = 5,27 uone kama unapata 50. Kanuni sahihi inatoa 50, na ile nyingine inatoa 52,2.

Katika kubadilisha kizio cha muda, sura ya e hulipa gharama ya kuijifunza. Chumba cha tiba hakisubiri mwaka uishe. Nguvu ya chanzo husahihishwa katika vipindi vifupi zaidi, kwa mfano kila mwezi, kwa sababu kikidhoofika mgonjwa lazima akae chini ya mionzi muda mrefu zaidi ili apate kipimo kile kile. Kikao kilichohitaji dakika mbili chanzo kikiwa kipya kitahitaji dakika nne baada ya miaka 5,27. Ili kupata kanuni ya mwezi, k inagawanywa kwa 12 tu: −0,1315/12 ni −0,01096. Ukiirudisha kwenye b unapata e^(−0,01096) = 0,9891, yaani upotevu wa asilimia 1,09 kwa mwezi.

Sura ya b hairuhusu mgawanyo huo. Mwanafunzi anayegawanya 12,32 kwa 12 anapata asilimia 1,027 kwa mwezi, na akiirudia miezi kumi na miwili anabaki na 88,3 badala ya 87,7. Njia halali kwa upande wa b ni kutafuta kipeuo cha kumi na mbili cha 0,8768, na hiyo nayo inatoa 0,9891. Kwa hiyo k hugawanywa au kuzidishwa pamoja na muda, na b hupandishwa au kushushwa kwa kipeo. Hali ni hiyo hiyo kwa mkopo ule: k ya mwaka ni 0,0953 mara 12, takriban 1,144, na e^1,144 inakaribia 3,14, jambo linaloonyesha kwamba dola 100 zinakuwa deni la dola 314 hivi baada ya mwaka, wala si 220 kama anavyodhani mtu anayejumlisha asilimia 10 mara kumi na mbili.

Neno kuhusu tarakimu. Daftarini nimekuwa nikiandika tarakimu nne baada ya mkato, lakini ndani ya mashine naacha namba yote na kuitumia kama ilivyo. Kipeo hukuza makosa ya kukadiria. Ukiikata b hadi 0,88, baada ya miaka kumi unapata 27,9 badala ya 26,8, na nusu-maisha inayotokana na 0,88 hiyo ni takriban miaka 5,42, ambayo si ya kobalti-60 tena. Ukiikata k hadi −0,13 unapata 27,3. Nikiwa nimepewa nusu-maisha, basi, siandiki k kabisa hadi mwisho. Nabonyeza ln 0,5, nagawanya kwa 5,27, nazidisha kwa t, kisha e^x, yote kwa mfululizo mmoja.

Katika egzeta swali likiuliza kiasi kitakachobaki baada ya miaka kamili, sura ya b inatosha na ni fupi. Likiuliza kasi ya kupungua katika saa fulani, nenda kwenye e, kwa kuwa kinyambulisho cha a·e^(kt) ni k mara kanuni yenyewe: baada ya miaka kumi chanzo chetu kina 26,8, kwa hiyo kinapungua kwa kasi ya 0,1315 × 26,8, yaani 3,5 hivi kwa mwaka. Anayebaki na b anaweza pia kunyambua, ila ln b itamtokea mbele katikati ya hesabu bila kuitwa, na hapo ndipo wengi huandika log kwa haraka.