Vigae na rafu za duka la kupanga

"Nimeweka vigae, dari na rafu kwenye duka nililopanga Nakuru, hatukuandikiana. Sasa mwenye jengo ananitoa. Nitalipwa?"

Rafu za biashara ni zako. Zifungue kabla hujarudisha funguo, uzibe matundu ukutani. Vigae na dari vimeshakuwa sehemu ya jengo. Ila kwa kuwa hamkuandikiana, unalindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya: upangaji ukikomeshwa, baraza la kodi za majengo ya biashara linaweza kuamuru ulipwe fidia ya maboresho, mradi mwenye jengo aliyaridhia. Hapo ndipo wengi huanguka. Tafuta ujumbe wa simu unaoonyesha alikubali, na risiti za vifaa na fundi. Usihame kwa amri ya mdomo. Notisi yake lazima iandikwe, isipungue miezi 2.