Maswali na majibu: Kurudi kwenye nyumba zile zile

Mimi ni mdadisi. Kwa nini tunarudishwa kwenye nyumba tulizozihoji miezi mitatu iliyopita? Wenyewe wamechoka, na mimi naona aibu kubisha hodi tena.

Kwa sababu ofisi yenu inatafuta badiliko. Mfugaji anayetaka kujua kama mbuzi wamenenepa hapimi watano leo, kisha mwezi ujao akapima watano wengine. Hao wa pili huenda walikuwa wakubwa tangu mwanzo. Ukirudi kwenye nyumba ile ile, tofauti kati ya kaya na kaya haikusumbui tena, unabaki na kilichobadilika ndani yake. Ila pole kwa milango inayofungwa usoni.

Awamu iliyopita ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 8.0, sasa ni 8.7. Kosa sanifu, yaani kadiri makisio yanavyoyumba kwa bahati ya sampuli, ni 0.3 kila awamu, na asilimia 75 ya nyumba zimerudiwa. Mkuu wangu anasema tofauti hiyo ni bahati ya sampuli tu. Ni kweli?

Mkuu wako amezichukulia kama sampuli mbili zisizojuana. Mraba wa 0.3 ni 0.09, mbili zake ni 0.18; kipeuo chake ni 0.42. Kwa desturi tofauti huaminika si bahati ikizidi mara mbili ya kosa lake. Kweli, 0.7 haifiki mara mbili ya hapo. Lakini mraba wa kosa la tofauti, sampuli zikiwa na ukubwa sawa, ni takriban huu:

```
2V(1 − Pρ)
```

V ni ile 0.09. P ni sehemu ya nyumba zilizorudiwa, 0.75. Herufi ρ ni kadiri majibu ya sasa ya waliorudiwa yanavyofuata majibu yao ya awali. Tuseme ni 0.6. Basi 0.18 mara 0.55 ni 0.099, na kipeuo chake ni 0.31. Sasa 0.7 inazidi mara mbili ya kosa, na mkuu ameshindwa.

Usishangilie bado. ρ ikiwa 0.3, kosa linakuwa 0.37 na mkuu anashinda. Ipige kutoka kwenye kaya zenu zilizooanishwa, usiikope popote. Kwa kawaida ρ ya ajira ni kubwa kuliko ya ukosefu wa ajira: mwenye kazi leo aghalabu anayo robo ijayo, ila asiye nayo hupata kibarua au huacha kutafuta.

Basi si tubaki na nyumba zile zile miaka yote?

Ukitaka wastani wa mwaka, alama ya kutoa inageuka kuwa ya kujumlisha, yaani 1 + Pρ, na kurudia kunakuumiza: nyumba zilizorudiwa zinakuletea habari uliyokwisha kuisikia.

Pia majibu hubadilika kwa idadi ya ziara. Katika utafiti wa nguvukazi wa Marekani, CPS, kundi linalohojiwa mara ya kwanza kwa kawaida huonyesha ukosefu wa ajira mkubwa kuliko makundi ya baadaye. Dawa yake ni zamu: kila mwezi makundi ni manane, moja kwa kila idadi ya ziara. Kasoro inabaki, ila ni ile ile kila mwezi, kwa hiyo inajifuta unapotoa mwezi mmoja kwa mwingine.

Zamu ikivurugika, haijifuti. Mwaka 2020 ofisi ya takwimu ya Afrika Kusini ilisitisha kuhoji ana kwa ana kwa sababu ya UVIKO, ikarudia kwa simu sampuli ile ile ya robo ya kwanza. Wasio na namba za simu hawakufikiwa, ikabidi uzito wa kila jibu katika hesabu urekebishwe. Hapo marudio yalikuwa mengi kuliko kawaida, lakini ulinganisho ukawa mgumu zaidi.

Nasikia Marekani wana 4-8-4, Afrika Kusini robo nne mfululizo. Si yote asilimia 75?

Kwa hatua moja, mwezi hadi mwezi au robo hadi robo, ndiyo. Tofauti iko kwenye mwaka. Afrika Kusini nyumba inakaa robo nne kisha inatoka, kwa hiyo ukilinganisha robo hii na ile ya mwaka jana, hakuna nyumba iliyorudiwa. Marekani nyumba inahojiwa miezi minne, inapumzika minane, inarudi minne: mwaka ukizunguka, nusu ya nyumba ni zile zile. Ikiwa kichwa cha habari chenu ni cha mwaka kwa mwaka, mimi ningechagua wa Marekani, japo kuwapata watu baada ya miezi minane ni kazi.

Nimerudi nikakuta familia nyingine imehamia. Niwafuate waliohama?

Kwa tafiti hizi mbili, hapana: kilichochaguliwa ni makazi, hoji waliomo. Ila wape namba mpya ya kaya. Nimewahi kuona faili ambamo mama wa miaka 52 alikuwa kijana wa kiume wa miaka 24 awamu iliyofuata. Kabla ya kupiga ρ, linganisha jinsia na umri. Wasiooana si marudio, na P yenu ni ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye mpango.