Mzazi, anza na gemu lenye namba ukutani

Wazazi wenzangu wa hapa Moshi wanaopenda gemu hawashindwi kuanza. Wanashindwa kufika mwisho. Mtoto analala saa mbili na nusu, vyombo vinaoshwa, sare za shule zinapigwa pasi, na ukikaa mbele ya kompyuta ni saa nne kasoro. Una saa moja, labda mara tatu kwa wiki. Sasa chukua gemu kama Red Dead Redemption 2 au The Witcher 3, ambayo hadithi kuu peke yake inakaribia saa 50, bila kuhesabu kazi za pembeni. Kwa mwendo wako huo ni miezi minne, na hiyo ni miezi ambayo mtoto haumwi hata usiku mmoja na hakuna kikao cha harusi.

Lakini urefu ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni kurudi. Desemba ikifika tunapanda Kibosho, tunakaa kihambani mpaka Mwaka Mpya, na kompyuta inabaki mjini. Ukirudi Januari kwenye gemu kubwa, umesahau kitufe cha kukwepa ni kipi, umesahau yule mzee aliyekutuma alitaka nini, na begi lako limejaa vitu usivyokumbuka kazi yake. Unatumia usiku mzima kujikumbusha, unachoka, unazima. Hapo ndipo magemu mengi yanapofia. Kwa hiyo mimi nikichagua gemu naangalia mambo matatu: linanionyesha nimefika wapi? Naweza kusevu popote? Nikiliacha wiki tatu, nitarudi bila kujifunza upya?

Gemu ninalompa kila mzazi anayeniuliza ni Portal, la kampuni ya Valve, lililotoka mwaka 2007. Ni la zamani, na uzee huo ni faida, kwa sababu linakwenda vizuri kwenye kompyuta mpakato ya kawaida isiyo na kadi ya picha ya kununua kando. Kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, bei yake ya kawaida ni dola 9.99, na mara nyingi hushushwa sana wakati wa punguzo. Hadithi yake huchukua kama saa tatu hadi nne kwa aliyezoea gemu za aina hii. Mgeni ajipangie tano au sita.

Unaamka kwenye chumba cha vioo ndani ya kituo cha majaribio. Kuna sauti ya mashine inayokuelekeza, na kazi yako ni kutoka kwenye kila chumba. Baadaye unapata kifaa kinachofungua milango miwili ukutani, mmoja wa bluu na mwingine wa rangi ya chungwa. Ukiingia kwa mmoja unatokea kwa mwingine, hata kama uko upande wa pili wa chumba au juu darini. Huo ndio ufundi wote. Hakuna begi la vitu, hakuna pointi za kuongeza nguvu, hakuna ramani. Unatembea kwa W, A, S na D, unaruka kwa kitufe kirefu, unabeba kitu kwa E, na mausi inafungua milango: kushoto bluu, kulia chungwa. Ukiacha gemu mwezi mzima, vidole vinakumbuka ndani ya dakika mbili.

Na kila unapoingia chumba kipya, ukutani kuna bango kubwa lenye namba. Shemeji yangu anayekaa nasi aliniona nikicheza akauliza, "Shem, hili lina levo ngapi?" Nikamwambia asome ukutani: 07/19. Kwa mzazi bango hilo ni kubwa kuliko picha nzuri. Kila usiku unajua umetoka wapi na kimebaki nini, na kati ya chumba na chumba kuna lifti. Lifti ndiyo mahali pa kusimama. Gemu linajisevu lenyewe unapovuka, kwa hiyo ukisikia mtoto analia ukiwa kwenye lifti, unafunga na kwenda bila kupoteza kitu.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. Usiku wa kwanza cheza kuanzia 00 hadi 10. Vyumba hivyo ni vifupi, vingine dakika mbili au tatu, maana vinakufundisha jambo mojamoja. Cha 10 kipe muda, kwa sababu ndipo unapojifunza kwamba kasi unayoingia nayo mlangoni ndiyo unayotoka nayo: ukianguka kutoka juu na kuingia mlango ulio sakafuni, unarushwa kutoka mlango ulio ukutani kama jiwe la manati. Usiondoke usiku ule kabla hujalielewa hilo vizuri, kwa kuwa vyumba vya baadaye vinalitegemea.

Usiku wa pili ni 11 hadi 15. Mpaka hapo kifaa chako kilikuwa kinafungua mlango wa bluu tu; kwenye cha 11 unapewa wa pili, kwa hiyo kuanzia hapo rangi zote mbili ni zako, na fikra zinabadilika. Usiku wa tatu ni 16 na 17 tu. Kwenye 16 kuna mashine ndogo zinazopiga risasi, nazo hazina njaa ya kupigana na wewe uso kwa uso: zitokee kwa nyuma au zidondoshee kitu kutoka juu, zikianguka zinazima. Usiku wa nne ni 18 na 19. Cha 18 ni kirefu na ndicho kinachokwamisha watu wengi, hivyo usikianze saa tano usiku ukiwa na usingizi.

Jambo moja ni lazima nikuambie mapema, ingawa sitakueleza kinachotokea: baada ya 19 gemu haliishi. Mabango ya namba yanakwisha, na kilichobaki kinaweza kufika theluthi moja ya muda wote. Mzazi aliyejipangia kumaliza Ijumaa kwa sababu bango limesema 19/19 ataona amedanganywa, na wengine huacha hapo hapo wakiwa karibu kabisa na mwisho. Jiwekee usiku mbili zaidi. Sehemu hii ni ya kukimbia na kutafuta njia nyuma ya kuta, na mwishoni kuna pambano moja, kisha hadithi inafungwa kabisa. Majina yanapita, na hakuna kitu ulichobakiza.

Sasa kusevu. Kitufe cha F6 kinasevu papo hapo, F9 kinakurudisha ulipofika. Ni rahisi mno, na hapo ndipo hatari ilipo: ukibonyeza F6 ukiwa unaanguka kwenye maji yenye sumu, kila ukirudi unarudi kwenye anguko lile lile. Utalitambua kwa sababu unakufa kabla hujashika kitu. Kinga yake ni kufungua menyu kwa Esc na kutumia Save Game kila unapoingia chumba kipya, ili uwe na nafasi ya pili iliyo salama, kisha F6 itumike katikati tu, ukiwa umesimama imara. Baada ya 19, ambako lifti hazipo tena za kukuongoza, nasevu kwa mkono kila ninapopita mlango.

Hapa kwetu umeme nao una lake. Ndiyo maana kwa mzazi napendelea kompyuta mpakato kuliko Pleisteshen. Pleisteshen ukiiacha imelala na gemu liko wazi, umeme ukikatika kile ambacho hakijasevuwa kimepotea, wakati kompyuta inahamia kwenye chaji yake na unapata muda wa kubonyeza F6. Bando pia: pakua gemu mara moja, lifungue ukiwa na intaneti, halafu iweke Steam kwenye Offline Mode. Baada ya hapo huhitaji bando kucheza.

Kama mtoto analala chumba hicho hicho, nenda Options, upande wa Audio, kwenye Captions uchague maandishi. Mashine ile inazungumza sana na maneno yake ndiyo hadithi yenyewe, kwa hiyo ukizima sauti bila maandishi unakosa karibu kila kitu. Maandishi yanamsaidia pia yule ambaye Kiingereza cha kusikiliza kinampita haraka.

Kukwama kupo. Kipimo changu ni dakika 20: nikiwa nimezunguka chumba kile kile muda huo bila wazo jipya, naangalia kwanza kama kuna ukuta mweupe ambao sijaujaribu, kwa sababu milango hushika kwenye kuta za rangi hiyo na kukataa zile za chuma cheusi. Mara nyingi jibu liko hapo. Lisipokuwapo, natafuta ufumbuzi wa chumba hicho kimoja mtandaoni, napita, naendelea. Saa yako moja ya usiku haikutolewa ili iishie kwenye kona.

Kuna watu ambao Portal haiwafai. Kuona kila kitu kwa macho ya mchezaji, huku ukianguka na kutokea ukutani, kunawapa baadhi kizunguzungu na kichefuchefu. Ukihisi jasho jembamba na tumbo kugeuka ndani ya vyumba vya mwanzo, usilazimishe. Steam hurudisha hela kama hujavuka saa mbili za kucheza na siku 14 tangu ununue, na saa mbili zinatosha kujua. Mbadala wangu kwa mtu huyo ni Inside la mwaka 2016, ambalo unaliona kwa ubavu, lina vitufe vichache kuliko hata Portal, linajisevu kila hatua chache, na linaisha ndani ya saa nne hivi. Lina giza na mtoto anayewindwa, basi licheze watoto wakiwa wamelala kweli.

Mwenye simu tu achukue Monument Valley la mwaka 2014, sura 10, nyingi zikiisha ndani ya dakika chache. Na What Remains of Edith Finch la mwaka 2017 ni fupi, kama saa mbili, limetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ila linasimulia vifo vya ukoo mmoja na wamo watoto wadogo, mmoja akiwa kwenye beseni la kuogea. Mzazi mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba namshauri aliache kwanza.

Ukimaliza Portal utatamani kuingia Portal 2 usiku ule ule. Ni zuri, lakini ni refu kama mara mbili na zaidi, na lina sehemu ndefu zisizo na mabango ya namba. Mimi ningeliweka mpaka likizo ya Juni, watoto wakiwa kwa bibi yao.