Mtumbwi mmoja, majina matatu

Mwaka juzi tulikuwa tunapiga filamu fupi huku Igombe, Mwanza, sini ya 14, usiku. Saa mbili kamera iko tayari, msanii kashalowanishwa nguo, nageuka kuangalia ziwani nakuta maji meupe pee, mwezi umejaa na hakuna taa hata moja. Skripti imesema "kwa mbali taa za wavuvi wa dagaa". Mwenye mtumbwi akaniangalia hivi, akasema "Bwana mdogo, na mbalamwezi hii nani aende kuvua dagaa?"

Na alikuwa sahihi, dagaa wanavutwa na taa kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa taa inazidiwa, basi wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Mi mwenyewe nimekulia Kirumba nalijua hilo, ila brekidauni shiti yangu, ile karatasi unayoorodhesha kila kitu ambacho sini inahitaji, haikuwa nalo, na shedyuli inatoka kwenye shiti, haitoki kichwani kwangu.

Kwa ambao hamjawahi kuifanya: unachukua skripti, kila sini inapata ukurasa wake mmoja. Juu unaandika namba ya sini, ndani au nje, mchana au usiku, lokesheni, ni siku ya ngapi kwenye hadithi, na urefu wake kwa vipande vya nane vya ukurasa. Halafu unapitia na kalamu za rangi, wasanii nyekundu, propsi zambarau, magari waridi, efekti buluu, kisha unahamishia kila kitu kwenye visanduku vyake. Mtumbwi unaenda kwenye sanduku la magari, usishangae, chochote kinachobeba mtu kiko huko.

Sini yangu ya 14 ilikuwa mistari mitatu tu, 2/8 ya ukurasa: Mashaka anashuka kwenye mtumbwi, nguo zimelowa, mkononi ana simu ya Neema, kwa mbali taa za wavuvi, anaitupa simu ziwani. Mara ya kwanza niliandika Mashaka, simu, mtumbwi, nikajiona nimemaliza, yaani niliandika nomino zilizoko kwenye karatasi basi.

Sasa angalia ilivyotakiwa iwe. Simu inatupwa majini, dairekta akitaka teki tatu ni simu tatu, hivyo unaandika "simu ya Neema, moja nzima ya sini ya 6 inayoita, tatu mbovu za kutupa", zote za aina moja na kava moja, hizo mbovu unazipata kwa fundi simu kwa bei ya kutupa kweli. Nguo zimelowa, kwa hiyo shati ni zaidi ya moja, maana ukikosea teki huwezi kusubiri likauke, na sini ya 15 inaendelea palepale, kwa hiyo pale nayo unaandika "limelowa" hata kama mwandishi hakusema. Mtumbwi unakuja na mwenyewe, na maboya ya kila anayepanda, na mtumbwi wa pili wa kamera. Taa za mbali ndo efekti: ama unapiga siku za giza wavuvi wakiwepo, ama unalipa mitumbwi miwili mitatu iende na taa zake. Hilo ni swali la hela, linatakiwa lionekane wiki tatu kabla, sio saa mbili usiku ukiwa umesimama kwenye tope.

Ndo maana zile 2/8 zisikudanganye. Kuna sini ya kurasa mbili za watu wanaongea sebuleni tuliimaliza asubuhi moja, na hii mistari mitatu ikala usiku mzima.

Kosa langu la pili ni la kijinga zaidi. Shiti nilikuwa nimeziingiza kwenye Excel ili nichuje sini zote zenye mtumbwi nizipange pamoja. Ilinipa sini ya 3 na ya 14, nikakodi usiku mmoja. Kumbe sini ya 22 niliandika "boti", na ya 9 "chombo cha Mashaka". Chombo kilekile! Kompyuta haijui kwamba ni kimoja, kwa hiyo mtumbwi ukakodiwa mara tatu na mwenyewe akanitoza mafuta ya kuja na kurudi kila mara, prodyusa alinuna wiki nzima na sikuwa na la kumjibu.

Siku hizi kabla sijashika kalamu naandika kwanza orodha ya majina, kitu kimoja jina moja, MTUMBWI WA MASHAKA, SIMU YA NEEMA, na nisiporuka kuisoma skripti yote mara moja bila kuandika chochote, hiyo orodha inatoka fupi lakini sahihi. Pia nimeongeza mstari wangu kwenye shiti za nje usiku, chini ya efekti, unasema "mwezi". Tulirudi Igombe siku kumi na nne baadaye kupiga ile 14, giza totoro, ziwa lote limejaa taa kama mji, ila safari hii shati la Mashaka lilikuwa moja tu.