Papa na helikopta: kwa nini faili ghafi la kamera huombwa

"Wakuu, kwa nini wataalamu wa wanyama hawaridhiki na JPEG kama ushahidi?"

Mkuu, chukua picha ya papa akirukia helikopta, iliyosambaa tangu 2001. Ni picha mbili zilizounganishwa. Ya helikopta ilipigwa karibu na daraja la Golden Gate, San Francisco. Ya papa ilipigwa Afrika Kusini. Kila nusu ni ya kweli, ndiyo maana jicho linadanganyika.

Tofauti na JPEG, faili ghafi, mfano NEF ya Nikon au CR3 ya Canon, hubeba data ya kihisio cha kamera, na programu za kawaida za kuhariri haziandiki mabadiliko ya picha ndani yake. Mimi huomba pia fremu za kabla na baada: mruko wa kweli huacha maji yaliyotibuka, mwanga ule ule. Ila faili hilo halitakuambia kama mnyama alivutwa kwa chambo.