Maswali na majibu: saa za hoteli kwenye kumbukumbu ya tafsiri

Tuna hoteli tatu: Dodoma mjini, Manyoni na Singida. Faharasa na kumbukumbu ya tafsiri niziweke kwenye faili moja la Ekseli?

Hapana. Faharasa hubeba istilahi, kumbukumbu hubeba sentensi nzima pamoja na tafsiri yake. Kwenye OmegaT, programu ya bure ya kutafsiria, faharasa ni faili la maandishi matupu ndani ya folda ya `glossary`. Kila mstari una neno, tafsiri na maelezo, na kati yake unabonyeza Tab:

```
check-out time	muda wa kuondoka	angalia kanuni ya saa
twin room	chumba cha vitanda viwili	si kitanda kikubwa
```

Usijaze maneno kama maji na taulo. Weka yale ambayo kila hoteli yako inayaandika kivyake.

Tangazo letu la muda wa kuondoka lilikuwa 10:00 a.m., sasa ni 11:00 a.m. Programu ilileta sentensi ya zamani, nikabadilisha namba tu. Wageni wanauliza mbona tunawatoa alfajiri?

Kwa sababu umeandika "saa 11:00 asubuhi", na mgeni aliyeshuka kwenye basi kutoka Kondoa anajua hiyo ni kabla jua halijachomoza. Ulitakiwa kuandika saa 5:00 asubuhi.

Swali hili naletewa mara kwa mara, na kila mara aliyeuliza alikubali sentensi bila kuisoma. Programu inalinganisha herufi na maneno. Sentensi mbili zikitofautiana namba tu, itakuonyesha asilimia kubwa ya kufanana, na asilimia hiyo haisemi lolote kuhusu usahihi wa saa. Ukiiacha kama ilivyo, umebakiza saa 4:00 ya zamani. Ukinakili 11, umewaamsha wageni usiku. Kanuni ni hii: namba ikizidi 6, toa 6, ikiwa 6 au chini yake, ongeza 6. Mchana, 12:00 p.m. ni saa 6:00 mchana, na 2:00 p.m. ni saa 8:00 mchana.

Kabla ya kuchapisha, bonyeza Ctrl+F, chagua Regular expressions, utafute hivi:

```
saa \d+
```

Kila sentensi yenye saa itajitokeza pamoja na asili yake. Pitia moja moja. Na ile uliyokosea isahihishe ndani ya programu, si kwenye karatasi ya mapokezi peke yake. La sivyo kosa litabaki kwenye kumbukumbu na kurudi na tangazo lijalo.

Kumbukumbu za zamani za hoteli zote nimeziweka kwenye folda ya `tm/auto` ili kazi iende haraka. Sawa?

Zitoe leo. Humo, sentensi inayolingana kabisa huingia yenyewe, hata kama tafsiri yake ilikuwa mbovu. Faili la TMX, yaani la kumbukumbu, ambalo hujalikagua liweke kwenye folda ya `tm/penalty-20`. Ulinganifu wake utapunguzwa kwa 20, hivyo hata sentensi ileile itakuja kama pendekezo la asilimia 80, na wewe utalazimika kuisoma.